Jora limeandikwa 50, limeuzwa 45: kutafuta mita zinakopotelea

Nauza vitambaa vya mita Kariakoo, zaidi vya mashati, magauni na sare. Kwa miaka yote niliyosimama nyuma ya meza ya kukatia, malalamiko yamekuwa matano au sita yaleyale. Anayelalamika hubadilika tu: leo mteja, kesho fundi, keshokutwa ni mimi mwenyewe nikipiga hesabu ya jora lililokwisha. Nimeyapanga hapa kwa dalili. Chini ya kila dalili nimeanza na chanzo ninachokikuta mara nyingi.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: tepu ya chuma ya mita 5, mizani ya kupimia mzigo wa kilo 20 au 30, mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu moja moja, sindano na uzi wa rangi. Tepu ya kitambaa ya fundi usiifanye shahidi wa kesi yoyote, na sababu utaiona mbele.

Dalili ya kwanza: jora limeisha kabla ya hesabu

Umenunua jora lililoandikwa 50, ukaandika kila ulichouza, ukafika mwisho na daftari linasema 45 na ushee. Jambo la kwanza linalokuja kichwani ni kijana wa dukani. Mwache kwanza.

Chanzo kikuu ni yadi. Yadi moja ni sentimita 91.44, kwa hiyo yadi 50 ni mita 45.72. Karatasi ya kiwandani huandika YDS au MTS, lakini mara nyingi imechanika, au imebaki namba peke yake, au muuzaji wa jumla amekutajia "hamsini" kwa mdomo nawe ukasikia mita. Hakusema uongo.

Nitatoa hesabu ya jora langu mwenyewe, kitambaa cha shati cha polista na pamba. Nililinunua kwa shilingi 260,000, nikajua nimepata mita 50, yaani 5,200 kwa mita. Nikapanga kuuza 7,000. Faida niliyoihesabu ilikuwa 90,000. Kwa mita 45.72 mauzo yote ni kama 320,000, na faida ni 60,000. Theluthi nzima ya faida ilikuwa imekwenda kabla sijafungua mkasi, na wiki mbili nilikuwa namwangalia kijana wangu kwa jicho la pembeni.

Kulipima jora la duara si lazima ulikunjue lote. Lipime uzito likiwa zima, toa uzito wa bomba la karatasi la katikati, kisha gawa kwa uzito wa mita moja. Uzito wa mita moja utaupata kwa mteja wa kwanza: kabla hujamfungia kipande chake, kiweke kwenye mizani ndogo. Jora lile lilikuwa na kilo 8.85. Bomba tupu kutoka kwa muuzaji huyohuyo lilikuwa na gramu 600, kwa hiyo kitambaa chenyewe kilikuwa kilo 8.25. Mteja wa kwanza alichukua mita 3, mizani ikasoma gramu 540, maana yake mita moja ni gramu 180. Gramu 8,250 ukigawa kwa 180 unapata mita 45.8. Lingekuwa na mita 50 kitambaa peke yake kingefika kilo 9. Hapo hakuna ubishi kwamba ni yadi.

Njia hii ina mipaka yake. Ukikosea sentimita moja kwenye kukata mita moja ya kupimia, kosa hilo linakuwa nusu mita kwenye jora zima, ndiyo maana napima kipande cha mita 3 na si cha mita moja. Pia pima jora na kipande siku moja. Pamba hunyonya unyevu wa hewani, na jora lililolala stoo msimu wa masika huwa zito kuliko lilelile likikaa karibu na mlango wakati wa kiangazi. Polista haina tabia hiyo kwa kiasi cha kukusumbua.

Jora lililokunjwa bapa, mkunjo juu ya mkunjo kama kitabu, ni rahisi zaidi. Hesabu mikunjo yote kutoka ya juu hadi ya chini, kila tabaka ikiwa mkunjo mmoja, lakini kwanza pima urefu wa mkunjo mmoja kwa tepu ya chuma. Ukikuta sentimita 91 na kitu, hizo ni yadi. Watu huhesabu mikunjo 40 na kuandika mita 40 bila kuupima hata mmoja.

Chanzo cha pili ni mkono wa mkataji. Kuna desturi ya kuweka kidole gumba mwisho wa mita na kukata mbele ya kidole. Ni ukarimu mzuri, lakini uhesabiwe. Kidole ni kama sentimita 2. Mteja anayechukua mita 3 zikapimwa moja moja anaondoka na sentimita 6 za bure, na mkasi ukienda mshazari unaongeza nyingine. Kwa jora zima unapoteza karibu mita. Tiba yake ni kupima mita zote kwa mfululizo juu ya meza yenye alama, si kurukaruka na fimbo, na nyongeza itolewe mara moja mwishoni, mteja akiona. Hata shukrani utaipata, maana ile ya kidole gumba hakuna anayeijua.

Chanzo cha tatu ni kitambaa kinachovutika, kile cha fulana na vyote vyenye mpira ndani. Kiwandani kimefungwa kwenye bomba kikiwa kimevutwa. Ukikikunjua kinalegea na kurudi. Kipime ukiwa umekilaza, usikining'inize, na kama ni oda kubwa kikunjue jioni, kilale wazi usiku mzima, upime asubuhi. Kuna wauzaji wanaokivuta makusudi wakikata. Mteja akifika nyumbani mita 2 zimekuwa 1.90, na harudi tena.

La mwisho na la nadra zaidi ni jora kuwa na upungufu kweli, au kuwa na kiungo. Tazama ukingo wa jora kabla hujalifungua. Viwanda vingi hufunga kauzi ka rangi au kubandika alama ukingoni palipo na kasoro au palipounganishwa vipande viwili. Jora la 50 linaweza kuwa 32 na 18. Urefu umetimia, lakini mteja anayetaka mita 20 mfululizo baada ya wewe kuuza 15 hutampa.

Simama hapa: ukishajua jora ni pungufu au lina kiungo, usilikate hata sentimita moja zaidi. Lipige picha likiwa kwenye mizani, na karatasi yake ionekane, kisha mpigie aliyekuuzia. Jora lililokatwa wauzaji wa jumla wengi hawalipokei tena, na kwa hilo siwalaumu.

Dalili ya pili: "Nimepima nyumbani, ni pungufu"

Mama mmoja alinirudishia kipande cha mita 3 na fundi wake pembeni. Fundi akatandaza tepu yake mbele yangu: mita 2 na sentimita 94. Nikaiweka tepu yake sambamba na ya chuma. Sentimita 100 zake zilikuwa 101 na nusu. Tepu ya kitambaa inayovutwa shingoni kila siku hulegea, na ikishalegea kila kitu kinaonekana kifupi. Hicho ndicho chanzo cha kwanza, na kukikagua hakuchukui hata dakika. Kifanye kwa adabu, maana fundi ndiye anayekuletea wateja.

Lakini tepu ile ilieleza sentimita 4 na nusu tu. Moja na nusu iliyobaki ilikuwa yangu. Tulipokunja kipande ukingo kwa ukingo, pembe hazikukutana: upande mmoja mita 3 kamili, wa pili pungufu kidogo. Kilikatwa mshazari. Kipande kilichokatwa hivyo urefu wake ni ule wa upande mfupi, kwa sababu fundi atakinyoosha kabla ya kukata. Nilimwongezea robo mita.

Kwa pamba isiyo nzito, toboa ukingo kwa mkasi kisha chana kwa mkono; kitachanika kwa kufuata uzi wake, na uzi haukosei. Kwa kitambaa kisichochanika, vuta uzi mmoja wa mshindio, yaani unaokatiza upana, mpaka utokee mstari mwembamba, ukate juu ya mstari huo. Satini, shifoni na kile cha fulana usivichane. Hivyo vinyooshe juu ya meza, ukingo ukienda sawasawa na ukingo wa meza, kisha kata polepole.

Chanzo cha tatu ni mita yako mwenyewe. Fimbo ya mbao inaliwa nchani kwa kugongwagongwa mezani, na ikipoteza milimita 5 basi kila mita unayouza ni pungufu milimita 5. Ilinganishe na tepu ya chuma kila mwezi.

Simama hapa: mita iliyolika usiiongezee kipande wala kuichora upya. Tanzania kipimo cha biashara hukaguliwa na kupigwa muhuri na Wakala wa Vipimo chini ya Sheria ya Vipimo, Sura 340. Kenya nako wana sheria yao, Sura 513. Kipimo kikiwa na shaka kiondoe mezani, upeleke kipya kikahakikiwe. Kukutwa nacho kibovu ukisema ulikuwa hujui hakutakusaidia.

Dalili ya tatu: upana hautoshi

Fundi alihesabu vipande viwili vya sentimita 75 vikae ubavu kwa ubavu kwenye upana wa 150, akamwambia mteja anunue mita moja na nusu. Kitambaa kilipotandazwa, vipande havikuenea. Sasa inabidi kimoja kikae juu ya kingine, na mita zinazohitajika ni 3. Kosa la sentimita chache za upana limezaa mita nzima na nusu ya urefu, ndiyo maana ugomvi wa upana ni mkali kuliko wa urefu.

Mara nyingi chanzo kimeandikwa kwenye jora lenyewe: 58/60. Hizo ni inchi. Inchi 60 ni upana wote, ukingo kwa ukingo, sentimita 152. Inchi 58 ni ule unaoshoneka, sentimita 147. Zile mbili na nusu za kila upande ni ukingo uliokazwa, wenye vitundu vya pini zilizokishika kitambaa kiwandani, na mara nyingi rangi au chapa haifiki pale. Muuzaji anasema "mita moja na nusu" kwa wepesi wa ulimi, fundi anaamini.

Kwa hiyo pima mwenyewe, ndani ya vitundu vya pini, sehemu tatu: mwanzo wa jora, na mara mbili kadiri unavyoendelea kulifungua. Andika ule mdogo. Mimi huandika "147 wa kushona" kwenye kikaratasi, na tangu nianze hivyo dalili hii imekaribia kufa. Kitenge na vitambaa vya pamba vyembamba vina upana wao mwingine, karibu na inchi 45, na mteja aliyezoea kitenge akija kuchukua suti kwa hesabu ya kitenge atabeba kitambaa kingi kuliko anachohitaji. Mwambie. Utauza pungufu leo, lakini fundi wake angemwambia vilevile.

Zipo pia mara chache ambapo upana unabadilika ndani ya jora moja, 147 mwanzoni na 143 katikati. Hilo ni kosa la kiwanda. Kwa rejareja liuze kwa 143. Kwa oda ya sare usilikate kabisa.

Dalili ya nne: kimerudi baada ya kufuliwa

Gauni lilimfika kwenye kifundo cha mguu, limefuliwa mara moja, sasa linaishia juu yake. Mteja anadai umemuuzia kitambaa bandia. Si lazima kiwe bandia. Wakati wa kufuma na kumalizia, nyuzi za urefu, yaani mtande, huvutwa kwa nguvu, na kitambaa kinafungwa kikiwa bado kimenyooshwa. Maji ndiyo yanayokilegeza. Ndiyo maana urefu hurudi kuliko upana, na ndiyo maana mteja hulalamika kuhusu kimo na si kiuno.

Uzi wenyewe una neno pia. Polista haitikisiki sana, asilimia moja au mbili. Mchanganyiko wa polista na pamba hukaa karibu na hapo. Pamba ambayo kiwandani haikurudishwa, yaani haikufupishwa kabla ya kuuzwa, huweza kupoteza asilimia 3 hadi 6, na viskosi, ile laini inayoanguka vizuri mwilini, hufika hapo au ikapita. Hata hivyo usinukuu namba hizi kwa mteja. Pima jora ulilonalo, maana majora mawili ya jina moja yanaweza kutofautiana.

Kipimo ni hiki. Kata kipande cha sentimita 60 kwa 60, mbali na ukingo na mbali na mwanzo wa jora. Chora mshale wa kuonyesha urefu. Ndani yake weka alama nne za mraba wa 50 kwa 50, na uzishone kwa uzi. Wino unafutika na utabaki unabahatisha. Kifue kama mteja wako atakavyofua, kwa sabuni na maji aliyozoea. Kianike kivulini kikiwa kimelala, kipige pasi bila kukivuta, kisha pima tena kati ya alama.

Mara ya mwisho nilipofanya hivi kwa pamba ya magauni, urefu ulitoka 50 ukawa 47, upana ukawa 49. Sentimita 3 katika 50 ni asilimia 6 ya urefu. Moja katika 50 ni asilimia 2 ya upana. Rudia kufua mara mbili zaidi. Pamba ile haikusogea tena, lakini viskosi imewahi kunitoa nusu sentimita nyingine kwenye ufuaji wa pili.

Kutoka hapo hesabu ya mteja inakuwa nyepesi. Fundi anataka mita 3 zilizokwisha kurudi. Kila mita itabaki sentimita 94, kwa hiyo 3 gawa kwa 0.94, unapata 3.19. Mkatie 3.20 na umwambie kiloweshwe na kupigwa pasi kabla ya kushonwa. Sentimita 20 hizo asipoelezwa ataona unamlazimisha kununua zaidi. Na upana usiusahau: ule 147 ukirudi kwa asilimia 2 unabaki 144.

Sababu ya nadra ni mteja kufua kwa maji ya moto kitambaa kisichotaka moto, au kukikausha kwa mashine. Muulize alivyofua kabla hujajibu lolote, na umuulize kwa upole: "Dada, ulikiloweka kwenye maji gani?" Ukianza kwa kumlaumu, hutapata jibu la kweli.

Simama hapa: kwa oda ya shule, hoteli au kwaya, ambapo hasara si ya gauni moja bali ya magauni mia mbili, kipimo cha ndoo na pasi hakitoshi kuwekea saini. Peleka sampuli maabara, kwa Tanzania Shirika la Viwango, TBS, wapime kurudi na kuchuja rangi kabla jora la kwanza halijakatwa.

Dalili ya tano: kitambaa ni chepesi kuliko cha mwanzo

Mteja ameshika kipande cha mwaka jana na kipya, anasema kipya ni karatasi. Vidole hudanganya, kwa kuwa kitambaa kipya bado kina wanga wa kiwandani unaokifanya kigumu au kinono, na kile cha zamani kimeshafuliwa. Weka mizani. Uzito huandikwa GSM, gramu kwa mita moja ya mraba, na hapa ndipo wengi huchanganya: mita moja ya kitambaa chenye upana wa sentimita 150 si mita ya mraba, ni moja na nusu. Ile gramu 180 ya jora langu, ukigawa kwa 1.5, ni GSM 120. Ukikuta jora limeandikwa 140 na mizani inakupa 120, una hoja ya kumpelekea muuzaji wa jumla. Tofauti ya gramu tatu nne iache. Kipande kidogo na mizani ya jikoni haviwezi kuithibitisha.

Dalili ya sita: vipande vya mwisho vinajaa kapuni

Hapa tatizo ni kiwango cha chini cha kukata, na wengi wetu hatuna. Mimi nakata kuanzia nusu mita, na juu ya hapo kwa hatua za robo. Anayetaka mita 2 na sentimita 10 anachagua 2 au 2.25. Kwa lesi za harusi na kitambaa chenye maua makubwa yanayojirudia, kiwango ni mita moja, maana ukikata katikati ya ua umemharibia anayefuata.

Kapu hujaa kwa sababu ya mkato wa kabla ya mwisho, si wa mwisho. Jora limebaki mita 3.40, mteja anataka 2.50, unakata, unabaki na sentimita 90 ambazo hazitoshi shati la mtu mzima. Kabla ya kuweka mkasi mpe bei ya zote 3.40, zile 90 ukizishusha hadi bei uliyonunulia, au chini kidogo. Wengi huchukua kwa ajili ya mtoto. Akikataa, kata, andika urefu na upana kwenye kikaratasi na ukibane hapohapo kwa pini, kwa sababu kipande kisicho na vipimo hakuna anayekifungua. Na akitaka zaidi ya kilichobaki, usimjazie kutoka jora jingine kabla hujayatoa yote mawili nje, juani. Chini ya taa ya duka bluu mbili za oda tofauti hufanana, na fundi atakuja kuziona zikiwa mkono wa kulia na wa kushoto wa shati moja.